Kukata Njia ya Kizidishi ili Saa Iende Kasi

Saketi ya kuzidisha na kukusanya huchukua namba mbili, huzizidisha, kisha huongeza zao lake kwenye jumla iliyohifadhiwa. Vichujio vya sauti na vya mawimbi ya redio hutegemea kitendo hicho kimoja kinachorudiwa bila kukoma. Kasi yake huamuliwa na njia ndefu kuliko zote kati ya rejista mbili, kwa sababu saa ya chipu haiwezi kupiga tena kabla umeme haujatulia mwisho wa njia hiyo.

Chukulia kwamba kizidishi kinahitaji nanosekunde 6, kijumlishi 3, na rejista yenyewe 1. Vyote vikifuatana ndani ya pigo moja, pigo hilo ni nanosekunde 10, yaani megahezi 100. Rejista ikiwekwa katikati ya kizidishi na nyingine kabla ya kijumlishi, kila kipande hubaki na nanosekunde 3, na 1 ya rejista. Pigo sasa ni nanosekunde 4: megahezi 250.

Zao moja, hata hivyo, halikufika mapema. Lilichukua pigo 1 la nanosekunde 10. Sasa linachukua mapigo 3, yaani nanosekunde 12. Faida huonekana kazi inapokuwa nyingi, kwani namba mpya huingia kila pigo bila kungoja za mbele zimalizike. Jumla ya mazao 64 ilihitaji nanosekunde 640. Sasa yanatosha mapigo 66, yaani nanosekunde 264.

Mapigo hayo 2 ya ziada ndiyo huzaa makosa. Kila seti mpya huja na ishara ya kuanza, inayoagiza zao la kwanza lichukue nafasi ya jumla ya zamani badala ya kuongezwa juu yake. Ishara hiyo lazima ipite kwenye rejista 2 zake, sambamba na data. Ikienda moja kwa moja kwenye kijumlishi, huwahi mno. Seti ya mazao 1, 4, 9 ikifuatwa papo hapo na 10, 20, 30, jumla ya pili hutoka 73 badala ya 60, kwa kuwa 4 na 9 zimebebwa kutoka seti iliyotangulia. Jaribio lenye sifuri mbili kati ya seti halioni kosa hili kabisa. Ni lazima seti zifuatane bila pengo.

Kijumlishi chenyewe hakikatwi kirahisi hivyo. Jumla ya sasa huhitajika pigo linalofuata, basi rejista ya ziada ndani ya mzunguko huo hugawa hesabu kuwa jumla mbili zinazopishana, moja ya mazao ya nafasi za witiri na nyingine ya nafasi za shufwa. Hilo linakubalika iwapo tu mwishoni jumla hizo mbili zitaunganishwa kwa hatua moja zaidi ya kujumlisha, nayo ihesabiwe pia katika ucheleweshaji.