Juisi ya nyanya na wagonjwa wa presha: tazameni chumvi kwanza

Msimu wa nyanya unapokolea katika masoko ya Kitale na Bungoma, wengi huzisaga kwa blenda na kunywa juisi yake. Mwenye presha anaweza kunywa pia, lakini chumvi iliyomo hutofautiana sana kati ya juisi moja na nyingine.

Nyanya yenyewe ina chumvi kidogo mno. Juisi ya pakiti au ya mkebe, kinyume chake, mara nyingi hutiwa chumvi kiwandani. Jedwali la lishe nyuma ya pakiti halitaji chumvi kila mara, bali sodiamu. Tuseme limeandika miligramu 250 za sodiamu kwa kila mililita 100. Mtu akimaliza pakiti ya mililita 250, amepata miligramu 625. Zidisha mara 2.5 upate chumvi: takriban gramu 1.6. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Pakiti hiyo moja imekula karibu theluthi, na ugali na mboga bado havijaandaliwa. Hesabu ni ile ile kwa juisi za mboga mchanganyiko. Chagua iliyoandikwa kwamba haikuongezwa chumvi.

Ya nyumbani nayo si salama kwa sababu tu ni ya nyumbani. Anayetia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika bilauri yake ameipita ile pakiti. Ladha itafutwe kwa ndimu, dhania au tangawizi.

Wekundu wa nyanya unatokana na laikopini, ambayo pia imo katika tikitimaji na mapera yenye nyama nyekundu. Mwili huipata vizuri zaidi nyanya zikipikwa na mafuta kidogo, kwa kuwa moto huifungua kutoka ndani ya nyanya na mafuta huisaidia kufyonzwa. Kata nyanya nne zilizoiva, zichemshe dakika 10 na maji kidogo na kijiko kimoja cha chai cha mafuta, kisha saga na uchuje. Hata hivyo, tafiti kuhusu laikopini na presha hazijaafikiana, na hakuna bilauri ya juisi inayochukua nafasi ya dawa.

Wapo wanaopaswa kuuliza kliniki kwanza. Nyanya, spinachi na viazisukari vyekundu vina potasiamu nyingi, ambayo kwa kawaida husaidia kushusha presha. Lakini figo zikiwa dhaifu hushindwa kuitoa, ikarundikana katika damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Dawa kama enalaprili, losatani na spironolaktoni pia huifanya ibaki mwilini. Anayezitumia aende na dawa zake kliniki, aseme anakunywa juisi gani na bilauri ngapi kwa siku.