Nukta Nane Chini ya Mstari

Mei 1924, Walter Shewhart wa kampuni ya Western Electric, Marekani, alichora chati ya kwanza ya udhibiti. Leo inamfaa hata msaga sembe.

Tuchukue kinu kinachofunga pakiti za kilo 2, mashine ikilenga gramu 2,010. Kila siku pakiti tano hupimwa na wastani wake kuwekwa nukta kwenye chati. Mashine ikiwa sawa, wastani huo hucheza kati ya gramu 2,002 na 2,018. Mipaka hiyo hutokana na mwenendo wa mashine yenyewe, si sheria ya vipimo. Wengi huchanganya hapo.

Sasa nukta zinasoma 2,009, 2,008, 2,007, 2,008, 2,006, 2,006, 2,005, 2,004. Hakuna iliyovuka mpaka, wala wastani haujashuka chini ya kilo 2. Lakini nane mfululizo ziko chini ya mstari wa kati, jambo ambalo ni nadra kutokea kwa bahati tu. Fundi akifungua mashine, huenda akakuta unga umegandia kwenye chombo cha kupimia, nao unahesabiwa kama mzigo.

Nukta moja ikishuka kidogo, aiache. Kurekebisha mashine kila mara huzidisha tofauti za uzito.