Simu ikiandika "Your connection is not private": soma herufi ndogo kabla ya kubonyeza

Unafungua tovuti ya Baraza la Mitihani, necta.go.tz, kuangalia matokeo ya mtoto. Badala ya orodha ya shule unakutana na pembetatu nyekundu na maneno "Your connection is not private", yaani mawasiliano yako hayana usiri. Wengi wetu hapo tunafanya moja kati ya mambo mawili: tunafunga simu kwa hofu, au tunabonyeza "Advanced" halafu "Proceed" ili tupite haraka. Yote mawili tunayafanya bila kujua simu imekataa nini. Jibu lipo kwenye ukurasa huohuo, kwa herufi ndogo, na leo tunalisoma pamoja.

Tuanze na kitu tunachokifahamu. Ukienda kufungua akaunti benki Kilwa Masoko, unaweza kudaiwa barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji au mtaa. Karani anaangalia mambo matatu: tarehe ya barua, jina lililoandikwa, na mhuri wa aliyeitoa. Tovuti nayo hubeba barua yake ya utambulisho, inaitwa cheti. Kila unapofungua tovuti yenye https mwanzoni mwa anwani, kivinjari chako, kwa mfano Chrome, kinakagua mambo hayohayo matatu. Likikosewa moja, pembetatu nyekundu inatokea, na chini ya maelezo panaandikwa msimbo unaoeleza ni lipi.

Msimbo wa kwanza ni wa tarehe:

```
NET::ERR_CERT_DATE_INVALID
```

Mara nyingi kosa hili liko mkononi mwako. Tuseme umeme umekatika siku tatu, simu imezima kabisa, na ilipowashwa tarehe yake imerudi 1 Januari 2019. Cheti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha, na vingi siku hizi ni vya muda mfupi. Vile vinavyotolewa bure na shirika la Let's Encrypt, kwa mfano, kwa kawaida hudumu siku 90 tu. Simu inayoamini kuwa leo ni mwaka 2019 inaona cheti ambacho siku yake ya kuanza bado haijafika, kwa hiyo inakikataa. Wakati mwingine Chrome yenyewe inasema "Your clock is behind", yaani saa yako iko nyuma.

Ili kuhakikisha, gusa huo msimbo wenyewe. Maelezo zaidi yanafunguka, na humo utaona "Expires on", siku cheti kinapokwisha, na "Current date", tarehe ambayo simu yako inadhani ni leo. Kama "Current date" si ya leo, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya tarehe na saa, washa tarehe ya kujiweka yenyewe kutoka kwenye mtandao, kisha fungua tovuti upya. Ukurasa mwekundu utaondoka bila wewe kubonyeza "Proceed" popote. Lakini kama tarehe ya simu ni sahihi na "Expires on" imeshapita, mwenye tovuti ndiye aliyechelewa kuhuisha cheti chake. Hilo huwezi kulirekebisha wewe, unachoweza ni kusubiri.

Msimbo wa pili ni wa jina:

```
NET::ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID
```

Hapa barua ni ya mtu mwingine. Umeita tovuti moja, aliyeitika ameonyesha cheti chenye jina la tovuti nyingine. Inaweza kuwa mafundi wa tovuti wamekosea mpangilio. Inaweza pia kuwa kuna aliyesimama njiani kati yako na tovuti. Hili huonekana zaidi kwenye waifai ya wazi, kama ya nyumba ya wageni, ambapo kifaa cha waifai kinakatiza mawasiliano ili kukupeleka kwanza kwenye ukurasa wake wa kuingilia. Zima waifai, tumia bando lako, ujaribu tena. Kama onyo limetoweka, tatizo lilikuwa kwenye waifai ile, na hukosei kuiacha.

Msimbo wa tatu ni wa mhuri:

```
NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID
```

Simu yako ina orodha ya mamlaka inazoziamini kutoa vyeti. Mhuri usiokuwamo kwenye orodha, simu haiutambui. Kwa wenye simu za zamani, hapa pana jambo la kulijua. Simu za Android zilizotengenezwa kabla ya toleo la 7.1.1 hazina kwenye orodha yake mhuri wa Let's Encrypt unaotumika sasa. Kwa miaka kadhaa zilisaidiwa na mhuri wa kale uliouthibitisha huu mpya, lakini msaada huo ulikwisha mwaka 2024. Tangu hapo simu hizo zinaweza kukataa tovuti nyingi ambazo hazina kosa lolote. Angalia toleo la Android kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu. Kama ni la zamani, fungua tovuti hiyohiyo kwa simu mpya ya jirani. Ikifunguka bila onyo, kosa ni uzee wa simu yako. Kivinjari cha Firefox hubeba orodha yake chenyewe, kwa hiyo huweza kusaidia pale ambapo simu bado inakikubali. Lakini kama simu yako ni mpya, na msimbo huu unatokea kwenye waifai fulani tu, uchukulie kama ishara ya mtu wa kati, na uiache waifai hiyo.

Sasa, uendelee au usiendelee? Jiulize unakwenda kusoma au kuandika. Ukibonyeza "Proceed", mazungumzo yako na upande wa pili bado yanaweza kufichwa yasisomwe na wapita njia, ila hujui upande wa pili ni nani. Kusoma matokeo ambayo kila mtu anaruhusiwa kuyaona hakukuibii kitu. Hasara kubwa ni kusoma kitu kilichobadilishwa, na hilo unalihakikisha baadaye shuleni. Mtoto huyohuyo akiwa anaomba mkopo wa elimu ya juu, mambo yanageuka, maana hapo ataandika nywila, namba ya kitambulisho na taarifa za familia. Hapo usipite, hata kama siku ya mwisho ya maombi imekaribia. Badilisha mtandao au simu kwanza. Usipite pia kwenye benki, kwenye barua pepe, wala pale ukurasa unapokutaka upakue programu.

Kwenye baadhi ya tovuti utabonyeza "Advanced" na usione "Proceed" kabisa. Mwenye tovuti ameagiza vivinjari visimruhusu mtu kupita cheti kikiwa na kosa. Usitafute njia ya kuzunguka.

Na ukurasa usiotoa onyo usikupe usingizi. Cheti kinathibitisha kwamba unazungumza na anwani uliyoiandika, hakithibitishi kwamba mwenye anwani hiyo ni mwaminifu. Tapeli anaweza kusajili jina linalofanana na la ofisi ya serikali na akapata cheti halali siku hiyohiyo. Kwa hiyo kiungo kikija kwa meseji, soma mwisho wa jina la tovuti, kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina hilo. Tovuti za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz. Jina kama necta.go.tz.matokeo.com haliishii hapo, linaishia na matokeo.com, na mwenye matokeo.com ndiye mwenye ukurasa.