Nani Anasogeza Saa Melini?

Jamaa mmoja tunayepanga naye nyumba hapa Mkolani ana kaka baharia, anafanya kazi kwenye meli ya mizigo. Juzi alimtumia ujumbe: "Leo kapteni katukata saa nzima ya usingizi." Sote tulicheka, kisha tukaanza kubishana. Kapteni anapata wapi mamlaka ya kukata saa?

Sisi wa Mwanza swali hili halitusumbui. Ukipanda meli jioni bandarini kwetu, ukashuka Bukoba asubuhi, hugusi saa yako. Hata ukienda Kisumu au Port Bell saa ni ileile, kwa sababu Tanzania, Kenya na Uganda zote ziko saa tatu mbele ya Griniwichi. Hiyo ni saa ya serikali, si ya jua. Mwanza iko karibu na longitudo 33 mashariki, na jua hutumia saa moja kupita nyuzi 15. Kwa hesabu hiyo tungepaswa kuwa mbele kwa saa mbili na dakika 12 tu. Ndiyo maana jua letu hufika utosini kama saa 6:48 mchana, si saa sita kamili.

Sasa toka ziwani, twende baharini. Chukua meli inayoondoka Dar es Salaam kwenda Singapuri kwa mwendo wa noti 14, yaani maili za baharini 14 kwa saa. Kwa siku inakwenda maili 336. Karibu na ikweta, nyuzi 15 za longitudo ni maili 900, kwa hiyo kila baada ya siku mbili na robo tatu hivi inaingia ukanda mwingine wa saa. Kanda hizo zilipendekezwa kwenye mkutano uliofanyika London mwaka 1917, na mipaka yake iko kwenye longitudo 52.5, 67.5, 82.5 na 97.5. Meli yetu itaivuka yote minne, maana yake saa nne. Lakini Singapuri iko mbele yetu kwa saa tano! Ile ya tano haikuletwa na jua, ni uamuzi wa serikali ya kule, na meli lazima iwe imeifuata kabla rubani wa bandari hajapanda.

Kuvuka mstari hakubadilishi saa kwenyewe. Anayeamua ni nahodha. Kwa kawaida afisa wa pili, ambaye ndiye mpangaji wa safari, hupendekeza usiku unaofaa, nahodha anakubali au anasogeza, kisha tangazo linabandikwa: usiku huu saa zitapelekwa mbele kwa saa moja. Chumba cha injini kinaarifiwa, na badiliko linaandikwa kwenye kitabu cha kumbukumbu za meli. Saa moja tu haiguswi kamwe, ile inayoonyesha UTC, kwa sababu mawasiliano ya redio na vipimo vya mahali vinaitegemea.

Ugomvi uko hapa: nani anakatwa? Usiku una zamu tatu: saa 2 hadi 6, saa 6 hadi 10 alfajiri, na saa 10 hadi 2 asubuhi. Saa yote ikirushwa saa 8 usiku, mwenye zamu ya katikati anafanya kazi saa tatu badala ya nne. Mkirudi magharibi, huyohuyo anasimama saa tano. Kwa hiyo meli nyingine hugawa: kila zamu inabeba dakika 20. Wanaofanya kazi mchana, kama kaka wa jamaa yetu, hawana zamu ya kufupishwa, wao wanakatwa usingizi. Ila kanuni za kimataifa zinataka baharia apumzike angalau saa 10 katika kila saa 24, na nahodha hawezi kuzila hizo kwa kusogeza mishale.

Kosa lingine hujitokeza mchana wake, kwenye ripoti ya saa sita. Siku hiyo ilikuwa na saa 23 tu. Meli imekwenda maili 322. Afisa aliyesahau anagawa kwa 24, anapata noti 13.4, na ofisi inauliza kwa nini meli imepunguza mwendo wakati bahari ni shwari. Akigawa kwa 23 anapata 14 zake kamili. Ukiona meli "imechoka" ghafla siku moja tu, angalia kwanza kama usiku wake saa zilisogezwa.

Kuhusu yule kaka, tulimjibu kwamba apige moyo konde. Akigeuza kurudi Dar, kapteni huyohuyo atamrudishia saa zake zote tano, mojamoja.