Tangazo la Lugha Mbili: Mgeni, Saa na Sharti

Tangazo lililoandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza husomwa na watu wawili ambao aghalabu hawaulizani. Kila mmoja hutenda kama alivyoelewa upande wake. Kwa hiyo kazi ya msomaji prufu ni kuhakikisha kwamba wote wawili watatenda jambo lilelile, hata kama maneno hayakufuatana moja kwa moja.

Chukua mfano wa bango la kubuni langoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, ambako mbuga hukutana na Bahari ya Hindi:

«Wageni wote watalipa kiingilio langoni. Watatoka hifadhini kabla ya saa 12:00 jioni. Anayetaka kutembea kwa miguu anaweza kufuatana na askari wa hifadhi.»

Sentensi hizi ni sanifu. Hata hivyo, kila moja inaweza kuachana na Kiingereza chake.

Mgeni. Neno hili hubeba maana ambazo Kiingereza huzigawa katika maneno mbalimbali: mtu aliyefika kutembelea mahali, mtu aliyekaribishwa nyumbani, na mtu asiye raia. Mfasiri akichagua maana ya tatu, Mtanzania aliyetoka Dar es Salaam hatajiona katika tangazo la Kiingereza, ilhali katika Kiswahili amo. Katika hifadhi za taifa za Tanzania tofauti hii ni ya fedha, kwa kuwa viingilio hupangwa kwa kutenganisha raia wa Afrika Mashariki, wageni wakaazi na wageni wasio wakaazi. Neno «mkaazi» nalo lina mtego wake: mwanakijiji wa Saadani ni mkaazi kwa lugha ya kila siku, lakini katika orodha ya viingilio mkaazi ni mgeni mwenye kibali cha kuishi nchini. Dawa ni kufafanua: «Kila anayetembelea hifadhi, raia na asiye raia, atalipa kiingilio cha kundi lake.»

Saa. Kiswahili huhesabu saa tangu mapambazuko na tangu machweo. Kiingereza huanza usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa sita daima. Hivyo saa 12:00 jioni ya Kiswahili huandikwa 6:00 katika Kiingereza, au 18:00 kwa mtindo wa saa ishirini na nne. Hapa mazoea ya msomaji prufu humponza, maana kwingineko tarakimu zinazofanana ni dalili ya usahihi. Katika saa za mtindo wa kumi na mbili, tarakimu za saa zikifanana pande zote mbili, upande mmoja umekosewa. Dakika pekee ndizo hazibadiliki. Tangazo likinakili 12:00 katika Kiingereza, mtalii ataelewa adhuhuri au usiku wa manane. Akielewa usiku wa manane, atakuwa bado porini gizani akidhani ametii.

Sharti. «Anaweza» hutoa hiari. Ikiwa Kiingereza kinamlazimisha mtembeaji kuwa na askari, Kiswahili kimemwacha msomaji wake mbele ya nyati bila onyo. Historia ina mfano mzito wa kosa la aina hii. Katika Mkataba wa Wuchale wa mwaka 1889, kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilimruhusu Mfalme Menelik wa Pili kuitumia Italia katika mawasiliano na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano kilimlazimisha. Mgogoro huo ulichangia vita vilivyofikia kilele Adwa mwaka 1896. Katika bango la Saadani, «anaweza kufuatana» lisahihishwe liwe «sharti afuatane».

Makosa haya hayaonekani kwa kulinganisha neno kwa neno, kwa sababu anayejua matini ya kwanza huisoma ndani ya matini ya pili. Njia ya kuaminika ni kufunika upande mmoja na kuuliza upande uliobaki maswali manne: nani anahusika, afanye nini, lini, na je, ni lazima au ni hiari? Majibu yaandikwe. Kisha upande wa pili uulizwe maswali yayo hayo, ikiwezekana na mtu mwingine ambaye hajauona wa kwanza. Majibu yanapotofautiana, ndipo penye kosa.

Baada ya hapo, arudiwe mwandishi wa tangazo kabla ya kusahihisha. Msomaji prufu anaweza kugundua kwamba upande mmoja unasema «anaweza» na mwingine «sharti»; lakini ni hifadhi yenyewe inayojua ni upi uliokusudiwa. Tena sahihisho lolote upande mmoja hudai maswali manne yaulizwe upya pande zote mbili.