Kabla cheti cha ndoa hakijafika kwa mtafsiri wa Doha

Tuseme mtu wa Tanga anafanya kazi Doha, amepanga chumba mtaa wa Najma, na sasa anataka kumleta mke na mtoto. Kwenye orodha ya vitu anavyotakiwa kuwasilisha kuna cheti cha ndoa. Chake kimeandikwa kwa Kiswahili, kimejazwa kwa mkono wa kadhi, na kina mihuri upande wa nyuma. Hajawahi kuagiza tafsiri maishani mwake. Anampigia mtafsiri na kuuliza: "Kaka, cheti cha ukurasa mmoja ni riyali ngapi?"

Mtafsiri makini hawezi kujibu hapo, kwa sababu ukurasa mmoja haumwambii kitu. Anachohitaji kujua kwanza ni dirisha gani litakalopokea tafsiri hiyo. Cheti hichohicho kikienda kuombea kibali cha ukaazi cha mke, kinatakiwa kwa Kiarabu na kwa muhuri wa ofisi ya tafsiri inayotambuliwa. Kikienda kwa afisa rasilimali watu wa kampuni ili familia ikatiwe tiketi, huenda Kiingereza kikatosha, na pengine bila muhuri. Asiyesema mapema hujikuta ameshika tafsiri nzuri ya Kiingereza mbele ya karani anayetaka Kiarabu, naye analipa upya.

Matumizi hubadilisha hata namna ya kutafsiri. Chukua mkataba wa kazi. Sheria ya kazi ya Qatar, Namba 14 ya mwaka 2004, inataka mikataba iandikwe kwa Kiarabu. Mwajiri anaweza kuambatisha tafsiri ya lugha nyingine, lakini matini mbili zikitofautiana, ya Kiarabu ndiyo inayosimama. Kwa hiyo mfanyakazi anayetaka tu kuelewa alichosaini anahitaji Kiswahili chepesi kinachoeleza wazi habari za likizo, mshahara na muda wa notisi. Anayepeleka mgogoro wake kwenye kamati ya kazi hana haja ya kutafsiriwa mkataba wake wa Kiarabu. Kinachohitaji kugeuzwa Kiarabu ni ujumbe na barua alizoandikiana na msimamizi wake kwa Kiswahili au Kiingereza. Mtafsiri asipoambiwa nani atasoma, atakisia.

Turudi kwenye cheti cha ndoa, maana ndicho chenye mitego mingi.

Mtego wa kwanza ni mpangilio wa mihuri. Cheti cha nyumbani hakikubaliki Doha kwa kuletwa tu. Huthibitishwa kwanza na mamlaka za nchi kilikotolewa, ikiwemo Wizara ya Mambo ya Nje, kisha na ubalozi wa Qatar, halafu na Wizara ya Mambo ya Nje ya Qatar. Mtafsiri hutafsiri kila alichokiona, mihuri ikiwemo. Ukimpa cheti kabla ya kuthibitishwa, tafsiri itaeleza karatasi isiyo na mihuri, na karani atakuwa na nyaraka mbili zisizofanana. Iulize ofisi itakayopokea inataka tafsiri ifanywe katika hatua ipi, ndipo uagize. Na kama cheti bado kiko nyumbani, waambie ndugu wasikipige laminesheni. Plastiki haishiki wino wa muhuri, na kuibandua mara nyingi ni kukichana cheti chenyewe.

Kisha faili. Picha iliyopigwa juu ya kitanda usiku, kivuli cha simu kikiwa katikati, haimsaidii mtafsiri hata kidogo. Skani pande zote mbili, hata upande wenye muhuri mmoja tu, kwa 300 dpi, na pembe nne za karatasi zionekane. Hifadhi kama PDF. Ukitumia WhatsApp, itume kama faili, si kama picha, kwa sababu picha za kawaida hubanwa na herufi ndogo za muhuri hupotea. Namna ya kupima ni rahisi: kuza skani kwenye simu yako mpaka usome maandishi ya duara ndani ya muhuri. Usipoyasoma wewe unayekijua cheti, mtafsiri hatayasoma.

Kwa maandishi ya mkono, fanya jambo moja la ziada ambalo wateja wengi hawalifikirii. Kwenye karatasi ya pembeni, si juu ya cheti, andika kwa herufi kubwa majina yote yaliyomo: kadhi, mashahidi, kata, kijiji au shehia. Mtafsiri wa Doha hajui kama pameandikwa Mkinga au Mkanga. Palipofifia kabisa ataandika kwamba hapasomeki, na ana haki ya kufanya hivyo, lakini neno hilo likiangukia jina la bibi harusi, tafsiri imekwisha kazi.

Majina ndiyo yanayorudisha watu nyuma, kwa hiyo yape muda. Kitambulisho chako cha Qatar, QID, kina jina lako kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu. Umbo lile la Kiarabu ndilo lililoko kwenye kumbukumbu za serikali, na tafsiri inapaswa kulifuata. Mtafsiri asipoliona ataliandika kwa sikio lake: Salum atalifanya Salim kwa kuwa ndilo jina alilolizoea, na sauti kama p, v na ch, ambazo Kiarabu sanifu hakina, kila mtu huziandika kwa namna yake. Mtumie skani ya QID pamoja na pasipoti za mke na mtoto. Jina la babu ambalo mtoto na baba yake wote wanalitumia liandikwe kama lilivyo kwenye QID ya baba.

Likitokea jambo gumu zaidi, kwamba cheti kinasema Hamisi na pasipoti inasema Khamis Juma, usimwombe mtafsiri alinganishe. Yeye huandika kilichomo, na muhuri wake unathibitisha tafsiri tu. Tofauti hiyo hurekebishwa na mamlaka iliyotoa cheti, au kwa hati ya kiapo ikiwa ofisi inayopokea inaikubali. Ni bora kuigundua kabla hujalipa riyali hata moja.

Kuna swali moja unalopaswa kumuuliza mtafsiri wewe: anatafsiri moja kwa moja kutoka Kiswahili, au anapitia Kiingereza? Njia ya Kiingereza ni ya kawaida, kwa kuwa wanaojua Kiswahili na Kiarabu cha kiofisi kwa pamoja si wengi, nayo si kosa. Ila vitu hupotea njiani. Walii wa bibi harusi akigeuzwa "guardian" kwa Kiingereza, anaweza kuingia Kiarabu kama wasii, yaani msimamizi wa yatima au mali, na cheti cha ndoa kikasomeka ajabu. Ikiwa njia ni hiyo, omba rasimu ya Kiingereza pia. Hiyo utaweza kuikagua mwenyewe hata kama Kiarabu hukisomi.

Ikague rasimu kabla haijapigwa muhuri, namba kwa namba. Tarehe 03/04/2015 iandikwe kwa jina la mwezi ili Aprili isigeuke Machi. Kama cheti kina tarehe ya Hijria pia, zote mbili zibaki. Cheti cha mtoto kikitaja saa ya kuzaliwa kwa hesabu yetu, saa 2 asubuhi, mkumbushe mtafsiri kwamba kwa karani ni saa 8.

Tafsiri ikishakamilika, ofisi nyingi huibana pamoja na nakala ya cheti na kupiga muhuri unaogusa karatasi zote mbili. Usizibanue ili kutoa fotokopi. Skani zikiwa zimebanwa hivyohivyo, na uombe faili la PDF ubaki nalo, kwa sababu shule ya mtoto inaweza kulitaka baadaye.