Je, serikali ni kama nyumba yako?

"Nyumbani huwezi kutumia kuliko unachopata, basi na serikali isikope." Hoja hii husikika kila msimu wa bajeti, na wengi huikubali papo hapo. Kabla ya kuikubali, tuulize: kufanana kupi ndiko kunakobeba hitimisho?

Ni kweli kwamba wote wawili wana mapato, matumizi na riba ya kulipa. Lakini hitimisho linategemea jambo jingine: kwamba kubana matumizi hakupunguzi mapato. Ukiacha kununua nyama, mshahara wako haupungui. Serikali ikisimamisha ujenzi wa barabara, mkandarasi na vibarua wake hukosa kipato, kodi yao hupungua, na pengo huenda lisizibike kama ilivyotarajiwa. Tofauti hii inagusa kiini cha hoja. Kwamba serikali ina wizara na nyumba haina, hilo halibadilishi chochote.

Hata hivyo, tusiutupe mfano wote. Watetezi wa mikopo husema serikali huchapisha fedha yake. Sawa, kwa deni la shilingi. Lakini mwaka 2014 Kenya iliuza hatifungani za dola, na nyingine zilitakiwa kulipwa Juni 2024. Dola iliyokuwa karibu shilingi 88 ilipita 160 Januari 2024. Nairobi haichapishi dola. Inazitafuta, kama baba mwenye nyumba anavyotafuta pesa ya kodi. Hapo mfano unashika, kwa deni la kigeni peke yake.